Namba Kumi

Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa noti 15 za elfu kumi kumi, ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Bosi alinikabidhi nyuma ya duka, Jumatano ya tarehe 31 Julai 2024, akaniambia nihesabu mbele yake. Nilihesabu mara mbili, si kwa kutomwamini, bali kwa sababu sikutaka kumaliza.

Shilingi 150,000. Ndicho kima cha chini ambacho serikali ilikiweka kwa sekta ya biashara kuanzia Januari 2023, kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia. Mkataba wa maandishi sikuwa nao, na hakukuwa na makato ya NSSF wala ya kitu kingine. Duka ni la khanga na vitenge, Kariakoo. Kazi yangu ni kukunjua, kukunja, kupanga upya na kumwambia mteja kwamba rangi haichuji, jambo ambalo kwa baadhi ya majora silijui.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Novemba iliyotangulia. Matokeo ya Januari yalinipa C mbili, ya Kiswahili na ya Historia, na kwenda kidato cha tano kunataka C tatu. Moja tu ilinikosesha. Nikakaa nyumbani miezi mitano nikimsaidia Mama kukanda unga wa maandazi, kisha jirani akaniunganisha na duka. Mpango wangu ulikuwa kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo mawili, Biolojia na Jiografia, nikipata C moja inatosha. Usajili hufunguliwa Januari na ada ni 50,000 ukiwahi. Ukichelewa unalipa zaidi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, ndani ya ile bahasha kulikuwa na noti tano nilizoziona zina jina langu.

Jioni ile nilimpa Mama bahasha yote. Kwetu mshahara wa kwanza hupita kwanza mikononi mwa mzazi. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaiombea, akachomoa noti moja, akanirudishia zilizobaki. "Hii ya sukari," akasema. "Nyingine ukae nazo chini uzipange. Mimi sitaki kukupangia."

Nikakaa nazo chini. Nilichukua daftari langu la zamani la Hisabati, ambalo lilikuwa na kurasa nyingi tupu, nadhani mnaelewa kwa nini.

Nilianza na nauli, nikashtuka. Mwanafunzi mwenye sare hulipa 200 kwenye daladala, na kwa miaka minne nilikuwa nimewasikia makonda wakitulalamikia kwamba tunawajazia gari bure. Siku ya kuvua sare, kutoka Mbagala hadi Kariakoo ikawa 700. Kwenda na kurudi 1,400, kwa siku 26 za kazi ni 36,400. Karibu robo ya mshahara inaishia kwenye mlango wa daladala kabla sijala chochote. Chakula cha mchana kwa mama ntilie kingenimaliza, nikajiwekea 1,000 kwa siku, chai au maharage, pamoja na maandazi ya nyumbani kwenye mfuko. Hiyo ni 26,000. Zikabaki 87,600. Mshahara wa laki na nusu, kumbe kwa hesabu ya kweli ulikuwa elfu themanini na kitu.

Nikaandika: Mama, 40,000. Hakuna aliyenitajia kiasi. Nilifikiria tu ningekuwa nimepanga chumba ningelipa ngapi, na ningekula nini, nikaona 40,000 haina aibu. Zikabaki 47,600. Kati ya hizo nilitenga 20,000 za mchezo, na 27,600 zikawa zangu za sabuni, mafuta, pedi, bando na kibubu.

Mchezo ndio kiini cha habari hii.

Mama ni kijumbe. Ana watu kumi, yeye akiwa mmoja wao, na kila Jumapili alasiri kila mtu huleta 5,000. Zinakuwa 50,000, anapewa mmoja. Wiki inayofuata anapewa mwingine, mpaka wote kumi wamepokea, kisha mzunguko unaanza upya. Hakuna riba. Hakuna karatasi zaidi ya daftari la Mama lenye majina upande mmoja na tarehe juu, na alama ya vema kila mtu anapolipa. Mzunguko mpya ulikuwa unaanza Jumapili ya tarehe 4 Agosti, na nafasi moja ilikuwa wazi.

Mtu akiuangalia mchezo kwa haraka ataona kila mtu anatoa 50,000 na kila mtu anapokea 50,000, hivyo namba si kitu. Namba ndiyo kila kitu. Anayepokea wiki ya kwanza ametoa 5,000 na kuondoka na 50,000, yaani amekopeshwa na wenzake tisa bila riba. Anayepokea wiki ya kumi amewakopesha wenzake miezi miwili na zaidi, naye hana dhamana yoyote ila nyuso zao. Wakitoroka wawili katikati, ni yeye wa mwisho anayebaki akisubiri.

Mama alichukua namba moja, ambayo ndiyo malipo ya kijumbe kwa usumbufu wake. Mimi akaniandika kumi.

"Kwa nini kumi?"

"Kwa sababu wewe ni mwanangu. Nikimweka mtu wa nje mwisho, atasema namla."

Nilinuna siku mbili. Nilitaka namba tatu au nne, niione hela mapema. Namba mbili alipewa mama mmoja aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, muuza mitumba, mcheshi, ambaye mtoto wake alikuwa anaumwa na alikuwa ameomba kwa machozi. Nilimwonea huruma kama kila mtu. Siku hizo sikuwa najua kwamba swali la kumuuliza mpangaji kabla ya kumpa namba za mwanzo ni moja tu: kodi yako inaisha lini?

Ya kwake ilikuwa inaisha mwisho wa Agosti. Alipokea 50,000 tarehe 11, akaleta 5,000 zake wiki mbili zilizofuata bila kukosa, na asubuhi ya Septemba mosi chumba chake kilikuwa wazi, pazia limetolewa hata misumari. Mtaani waliongea siku mbili tatu. Nilimuuliza Mama itakuwaje. Akasema, "Anatuma kwa simu," nami nikaridhika, kwa sababu sikuwa na haja ya kutoridhika.

Mshahara wa pili nilikuwa nimeupokea siku moja kabla, nikampa Mama 40,000 zake taslimu. Septemba ile ilinionyesha kosa langu la kwanza: mshahara ni wa mwezi, mchezo ni wa wiki, na Septemba 2024 ilikuwa na Jumapili tano. Nilikuwa nimetenga 20,000, zikatakiwa 25,000. Nilichukua tofauti kwenye kibubu, kile cha mbao cha kupigilia misumari, kwa kukichokonoa kwa kisu kupitia tundu. Anayesema kibubu cha mbao hakitoi hela hajawahi kuwa na shida na kisu kwa pamoja.

Mambo mengine ya mwezi ule niliyaona bila kuyasoma. Sukari ilianza kununuliwa robo robo. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, alianza kurudi shule kwa miguu akisema anapenda kutembea na wenzake. Mama, ambaye alikuwa anakanda kilo tano za ngano kila alfajiri, alianza kukanda tatu, akasema wateja wamepungua. Na umeme. Kwetu tuko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na elfu moja inatupa uniti nane na kidogo. Tuna taa, televisheni na friji ndogo ya barafu, uniti mbili kwa siku zinatosha. Zamani Mama alinunua ya elfu tano, akae wiki mbili na zaidi. Septemba alikuwa ananunua ya buku, buku, na kila siku ya nne mita ikaanza kulia usiku. Nilidhani friji imeharibika. Nikaizima na kuiwasha, nikasikiliza kama inakoroma.

Jumapili ya tarehe 15 Mama alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wanaweka noti juu ya kabati, wanakaa kidogo, wanaondoka. "Chukua daftari, niwekee vema," akaniambia. Nilifungua. Nikaweka vema kwa kila aliyekuja. Nilipofika mstari wa pili, wa yule mama aliyehama, nikaona tarehe mosi ina vema. Tarehe 8 ina vema.

"Kumbe anatuma kweli?" nikasema.

Mama hakujibu.

"Leo ametuma?"

"Weka vema," akasema.

Nikahesabu noti juu ya kabati. Zilikuwa nane, pamoja na ya kwangu na ya Mama. Mama mmoja alikuwa bado njiani. Nane na moja ni tisa. Nilikaa na kalamu mkononi, Mama akaendelea kukanda, na pale ndipo sukari, kilo tatu, mita ya umeme na miguu ya mdogo wangu vilipojipanga vyenyewe mbele yangu kama majora kwenye rafu. Mama alikuwa analipa mistari miwili. Kila Jumapili 5,000 za kwake, na 5,000 za mtu aliyetoroka. Jumapili sita zilikuwa zimebaki tangu yule mama aondoke, yaani shida yote ilikuwa 30,000. Robo tatu ya zile 40,000 nilizokuwa namkabidhi nikijiona mtu mkubwa.

Nilisubiri watu waishe. Kisha nikasema maneno ambayo bado yananichoma. Nikasema, "Mama, ile hela niliitoa ya nyumbani."

Alinawa mikono taratibu. Akaniambia mchezo ule una miaka sita. Kwamba ndio ulioezeka bati la jiko, ndio ulionunua friji. Kwamba kijumbe akisema mara moja tu, "Wiki hii zimepungua," Jumapili inayofuata watakuja watano, na wale ambao hawajapokea watakuja usiku kugonga. "Walikuwa wamebaki watu wangapi hawajapokea alipohama?" akaniuliza. Wiki nne zilikuwa zimepita. Sita, nikasema. "Na wa sita ni nani?"

Wa sita nilikuwa mimi.

Sikuwa na jibu, lakini hasira haikuisha pia, na nadhani niseme ukweli huo. Alikuwa ananilinda kwa hela yangu mwenyewe, bila kuniambia, huku mdogo wangu anatembea kilomita nne juani. Ningeambiwa Septemba mosi ningeacha kununua bando. Ningebeba kiporo. Lililoniuma si zile 30,000, ni kufanywa mtoto katika hesabu ambayo nilikuwa nailipia kama mtu mzima. Wakati huohuo najua kwa nini hakusema. Yeye ndiye aliyempa yule mama namba mbili. Lilikuwa kosa lake, na alitaka kulilipa kimya kimya kabla binti yake hajajua.

Tukakaa siku mbili tunaongea kwa habari ya chumvi na maji tu.

Mwisho wa Septemba nilirudi kwenye daftari la Hisabati. Zile 40,000 sikuzipunguza, ila nilizigawa upya. Luku 10,000, nanunua mwenyewe kwa simu yangu siku ya mshahara; manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo 1,500, zinazobaki zinatoa kama uniti 70, tunapumua mwezi mzima bila kuvuka zile 75. Mchele wa 20,000, nanunua Kariakoo na kupanda nao daladala. Taslimu kwa Mama, 10,000. Hesabu ileile, lakini sasa elfu thelathini kati yake haziwezi kugeuka vema kwenye daftari la mtu mwingine.

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unanipimia," akasema.

"Sikupimii, Mama. Nanunua vitu."

"Mtu anayenunuliwa vitu ndani ya nyumba yake ni mgeni au mgonjwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa hilo. Nililala nalo. Kesho yake njiani, nimesimama Mtongani kwenye foleni, kwapa la mtu usoni, nikaona kwamba kila upande ulikuwa na haki yake na daftari haliwezi kuzibeba zote. Hela taslimu ndiyo inayomfanya Mama aweze kumpa mgonjwa 2,000 akipita, au kusema "chukua" mtoto wa jirani anapokosa daftari. Ukimnyima hiyo umemwachia jiko lakini umemnyang'anya mlango. Basi nikabadilisha. Luku nikaibakiza kwangu, kwa sababu giza halina mjadala. Mchele nikauacha. Mama nikampa 30,000 mkononi, kwa sharti moja, nalo si la hela: mstari wowote wa daftari ukipata pengo, naambiwa Jumapili ileile.

Alifikiri, akasema, "Na wewe ukichokonoa kibubu, naambiwa?"

Nilikuwa nadhani hajui.

Jumapili ya tarehe 6 Oktoba ilifika zamu yangu. Mama alinihesabia noti kumi za elfu tano mbele ya wanawake wengine wawili, kwa utaratibu uleule anaomhesabia kila mtu, bila kunikonyeza. Usiku nilizitandaza kitandani. Moja ilikuwa yangu. Moja ilikuwa ya Mama. Na moja ilikuwa ya mstari wa pili, ambayo kwa njia ya kuzunguka ilikuwa yangu tena, imetoka dukani Julai na Agosti, imepita kwenye sukari na ngano, imerudi nyumbani. Saba tu ndizo zilikuwa za watu wengine.

Sikuzipeleka kwenye ada. Nilimkopesha Mama 20,000 akarudi kilo tano za ngano, na ngano ya siku tano za kwanza ilinionyesha kwamba wateja hawakuwahi kupungua. Zile 30,000 nililipia tyusheni ya jioni, Biolojia na Jiografia, 15,000 kila somo kwa mwezi. Ada ya mtihani ikabaki deni langu kwa Januari.

Yule mama hatukumwona tena. Kuna mtu alisema yuko Kigamboni. Mama alisema, "Mtoto wake je, amepona?" na hakutaka kusikia zaidi.

Mzunguko mpya ulipangwa uanze tarehe 3 Novemba. Mama alinunua daftari jipya, akachora mistari kwa rula ya mdogo wangu. Safari hii aliweka utaratibu: mgeni hapati namba chini ya sita, na mpangaji anaulizwa kodi yake inaisha lini, kila mtu akisikia. Alianza kuandika majina. Moja, yeye. Mbili, mama wa genge, ambaye nyumba ni yake. Alipofika tatu akanitazama.

"Safari hii nakuandika tatu. Unastahili."

Tatu ilikuwa tarehe 17 Novemba. Nikafikiria 50,000 ndani ya nyumba hii kuanzia tarehe hiyo mpaka Januari, Krismasi ikiwa katikati, na kile kisu jikoni. Nikahesabu Jumapili kwa vidole. Ya kumi ilikuwa tarehe 5 Januari.

"Andika kumi," nikasema.

"Kumi ni ya hatari."

"Najua."

Akaandika, kwa ile hati yake ya kuegemea kushoto, kisha akanisukumia daftari na kalamu. "Basi vema utakuwa unaweka wewe."